Tahoe ya E85 na lutuku ya mtaa: shida haiko alkoli, shida ni maji

"Yaya, nimenunua Tahoe ya 2009, ilitoka Amerika ikapitia Dar, kifuniko cha tanki ni cha njano na kimeandikwa E85. Esanse hapa Lubumbashi inanimaliza. Mu kartie yetu kuna mama anapika lutuku ya nguvu, ukiwasha kiberiti inawaka. Naweza kuichanganya na esanse? Na nikichanganya itakula litre ngapi?"

Ndugu yangu, lutuku usiitie mu tanki, hata litre tano za kujaribu usitie. Mwenye kukuuzia hakukudanganya, Tahoe ya kifuniko cha njano kweli ilitengenezwa kwa kunywa alkoli, E85 ni esanse yenye imechanganywa na alkoli mpaka asilimia 85, na alkoli yenyewe ni ileile ya lutuku, etanoli, hakuna ingine. Kinachoua ni maji yenye iko nayo. Swali lako liko na vitu viwili ndani, kuna kitu cha maji na kuna kitu cha kula litre, nitaanza na maji juu njo yanaweza kukulaza ku barabara leo leo.

Hiyo ya kusema "inawaka" haipimi kitu. Alkoli ikichanganywa na maji nusu kwa nusu bado inawaka ukiisogezea kiberiti, moto wa bluu kidogo, mu jua la saa sita hauuoni hata. Kwa hiyo mama anaweza kukuonyesha moto na kumbe mu kila litre unayobeba nusu ni maji ya kisima. Tufanye hesabu: uko na litre 50 za esanse mu tanki, unaongeza litre 20 za lutuku ya nusu kwa nusu. Umeingiza litre 10 za alkoli na litre 10 za maji. Sasa esanse peke yake haipatani na maji hata kidogo, hiyo kila mtu anajua, lakini alkoli inapatana na wote wawili, njo maana watu banafikiri itabashikanisha. Inabashikanisha kweli, lakini kwa kipimo kidogo sana: mchanganyiko wenye alkoli asilimia 10 unaweza kubeba maji karibu nusu litre mu litre 100, basi, na baridi ikiingia unabeba hata pungufu ya hapo. Wewe umeweka litre 10 mu 70. Maji yakizidi kile kipimo alkoli inachagua upande, na inachagua maji, inaachana na esanse na inashuka nayo chini ya tanki. Unabaki na tabaka mbili, juu esanse, chini alkoli na maji, litre karibu 20, na pompo ya Tahoe inanyonya wapi? Chini kabisa.

Hii niliiona kwa macho yangu mu garaji, pikapu moja ya flex, maana yake inakunywa esanse na alkoli pia kama Tahoe yako, ilikuja ikivutwa na kamba. Mwenyewe alitia bidoni moja ya litre 20 jioni, akawasha, ikawaka vizuri, akafurahi, akaipeleka nyumbani. Asubuhi ikawaka tena, dakika moja hivi, halafu ikaanza kukohoa na kutetemeka, taa ya moteri ikawaka ku tablo, ikazima na haikurudi tena. Angalia vile ilivyomdanganya: jioni mchanganyiko ulikuwa umetikiswa na kumimina, tabaka zilikuwa hazijatulia bado, na mu tuyo kulikuwa esanse ya zamani. Usiku ikatulia, asubuhi alivuta esanse iliyobaki mu tuyo, ikaisha, kisha ikaja ile ya chini. Nikachomeka skana, kodi zilikuwa `P0171` na `P0174`, maana yake pande zote mbili za moteri zinasema esanse ni kidogo hewa ni nyingi, na `P0300`, moto unakosa mu silinda ovyo ovyo. Mwenyewe alikuwa ameshanunua buji mpya nane njiani, mtu alimwambia ni buji. Nikatoa kidogo kwenye tuyo ya esanse nikatia mu chupa ya maji ya plastiki yenye kuonekana ndani. Hapo haikuhitaji skana tena: ndani hakukuwa na harufu ya esanse, kulikuwa na harufu ya lutuku.

Tulitoa tanki nzima, tukatenganisha, tukabadilisha filtri, tukapuliza tuyo zote na kusafisha reli ya enjektere, na pompo tuliibadilisha juu ilikuwa imeshaanza kulia. Alipiga hesabu ya ile litre 20 za "bei ya chini" akanyamaza.

Utasema basi mama aipike mara ya pili na ya tatu, maji yaishe. Hapa kuna ukuta ambao hakuna mpishi ataupita kwa moto peke yake. Alkoli inachemka ku degre 78, maji ku 100, kwa hiyo kila ukipika unapata alkoli zaidi ya pale mbele. Lakini ikifika uzito wa alkoli karibu asilimia 95.6, mvuke unaotoka na kile kilicho mu sufuria vinakuwa sawasawa kabisa, upike mara kumi utapata kile kile. Maji ya mwisho yale yanatolewa kwa njia ingine, viwanda banapitisha mvuke mu mawe madogo ya zeolaiti yenye vitundu vidogo sana, molekuli ya maji inaingia na kubaki, ya alkoli ni kubwa inapita. Njo hiyo alkoli kavu, juu ya asilimia 99, njo yenye inachanganywa na esanse ku Amerika na Brazil. Tena mu kupika alkoli ya asilimia 90 nyumbani juu ya makala, mvuke ukitoka pembeni ya tuyo unashika moto bila kuonekana. Sitaki mama wa watu aungue juu ya Tahoe.

Na alkoli ya famasi? Ile ya degre 90 iko na sehemu 10 za maji mu 100. Ukitia litre 10 zake mu litre 90 za esanse umeingiza litre moja ya maji, na nilikwambia mchanganyiko unabeba nusu tu. Inaachana. Ya degre 96 mu kipimo hicho hicho inaingiza litre 0.4, inakaa ku mpaka, mchana iko sawa, usiku wa baridi sina uhakika nayo nisingelala.

Labda unauliza vipi Brazil bananunua alkoli yenye maji ku pompo na motokari zinaenda. Ni kweli, pale kuna etanoli ya kutembea peke yake bila esanse, yenye maji karibu asilimia 5, na Brazil iko na historia ndefu ya hii kitu, ilianza programu ya serikali 1975, Fiat 147 ya alkoli ikatoka 1979, na Volkswagen Gol ya flex ya kwanza ikatoka 2003. Lakini angalia: pale maji yanaingia mu alkoli yenye hakuna esanse ya kuachana nayo. Maji na alkoli peke yao hayaachani. Shida inaanza unapoleta esanse nyingi na alkoli kidogo na maji mu tanki moja, na njo ile kabisa wewe ulitaka kufanya. Na pale ni asilimia 5 iliyopimwa, haiko 50 ya kukisia.

Kuna kipimo kimoja kizuri unaweza kufanya nyumbani, kinasaidia pia ku esanse ya kadafi wa bidoni njiani. Tafuta chupa nyembamba ndefu yenye kuonekana ndani na yenye alama za mililitre. Tia maji mililitre 10, weka alama. Tia esanse mpaka 100. Funga, tikisa nguvu dakika moja, fungua kidogo itoe hewa, acha itulie dakika kumi. Kama esanse haina alkoli, mstari wa maji unabaki ku 10. Kama iko na alkoli, alkoli inahamia mu maji na mstari unapanda: ukifika 19 hivi, uliweka esanse 90 na kati yake karibu 9 ilikuwa alkoli, basi ni asilimia 10. Hakiko kipimo cha laboratware, kinakosea kidogo, lakini kati ya 0 na 10 na 20 kinakuonyesha wazi. Fanyia inje, mbali na mbabula. Na kama kabla ya kutia maji yoyote unaona tayari kuna mstari chini ya chupa, hiyo esanse usinunue. Unajua, dreva bakipita Zambia mpaka Zimbabwe banajaza esanse yenye alkoli ku pompo ya kawaida kabisa, Zimbabwe imechanganya mpaka asilimia 20 mara zingine, na Malawi banachanganya tangu 1982 na alkoli ya viwanda vya sukari. Hiyo ni alkoli kavu, Tahoe yako haitasikia kitu.

Sasa tuje ku kula litre, juu hapa watu banasikia vibaya. Litre moja ya esanse iko na nguvu ya joto karibu megajuli 32. Litre moja ya etanoli kavu iko na 21 na kidogo. Ni kama thuluthi mbili. Haiko juu alkoli ni mbaya, ni juu zaidi ya thuluthi ya uzito wake ni oksijeni, ni sawa na kuni ambayo imeshaungua kidogo kabla haujaitia mu moto, ile oksijeni inabebwa, inalipiwa, inajaza tanki, na haitoi joto. Kwa hiyo mchanganyiko wa asilimia 10 unapoteza nguvu karibu asilimia 3 kwa litre, haujui hata kama tofauti ni ya esanse au ni ya mguu wako. Wa asilimia 20 unapoteza karibu 7. Wa E85 ya kweli unapoteza karibu 29, hapo mfuko unajua.

Weka hiyo ku motokari yako. Tuseme Tahoe inakula litre 15 kwa kilometre 100 na esanse, tanki ni litre 98, kwa hiyo ukijaza unaenda kilometre 650. Lubumbashi mpaka Kolwezi na kurudi ni karibu 600, unarudi nyumbani na kidogo imebaki. Jaza E85 yenye alkoli 85 kweli kweli, sasa inakula 21, unaenda kilometre 465 hivi. Unaenda Kolwezi vizuri, unageuka, na unasimama ku barabara karibu na Likasi usiku. Ku Amerika kwenyewe banaandika ku motokari za flex kwamba E85 inapunguza safari asilimia 15 mpaka 27, tofauti inatoka mu kwamba E85 ya pompo yao inaruhusiwa kuwa na alkoli kati ya asilimia 51 na 83, wakati wa baridi banaipunguza, jina linabaki lile lile.

Kwa hiyo bei njo inaamua. Kama esanse ni franga 3 000 litre, alkoli kavu ya franga 2 000 inakupa kilometre ile ile kwa franga ile ile, haujapata wala kupoteza. Ya 2 300 unapoteza hata kama unaona ni nafuu ku bidoni. Brazil banaweka mpaka ku asilimia 70 ya bei ya esanse, kila dreva pale anaipiga kichwani mbele ya pompo. Sasa lutuku ya nusu kwa nusu, hata kama maji yasingeleta shida yoyote, litre yake iko na nguvu ya megajuli kumi na kidogo tu, thuluthi ya esanse. Kwa hiyo ingepaswa kuuzwa chini ya thuluthi ya bei. Mama hawezi, makala peke yake inamkula, na hakuna haja ya kumaliza miti juu ya hiyo.

Lakini watu banakosea wakisema motokari ya alkoli inakosa nguvu. Litre inapotea, nguvu haipotei. Esanse kilo moja inahitaji hewa kilo 14.7 iungue vizuri, etanoli inahitaji kilo 9 tu, juu oksijeni ingine inakuja nayo mwenyewe. Silinda yako inavuta hewa ile ile kila mara, kwa hiyo kwa hewa ile ile unaweza kuchoma alkoli mingi zaidi kuliko esanse, na ukipiga hesabu joto linalotoka kwa kilo ya hewa ni karibu sawa, alkoli inazidi hata kidogo. Tena alkoli inapogeuka mvuke inanyonya joto mingi, hewa inayoingia inapoa, moteri haigongi haraka. Oktani yake ni karibu 108, esanse ya kawaida ni 91 au 95. Njo maana banaopenda kushindana mbio banaitafuta. Ukiwa unapanda mlima na mzigo na E85 nzuri Tahoe inavuta, sindano ya tanki tu njo inashuka mbele ya macho.

Na hapa njo tunafika ku kazi ya moteri ya flex yenyewe. Ili iungue vizuri na E85, enjektere zinapaswa kutoa litre karibu asilimia 43 zaidi kwa hewa ile ile. Ku mchanganyiko wa asilimia 10 ni 3 au 4 zaidi, ku asilimia 30 ni karibu 12, ku asilimia 50 ni kama 21. Motokari ya kawaida, RAV4 au Noah ya jirani, iko na kaptere ya oksijeni ku eshapma yenye inaambia kompyuta "hewa imezidi, ongeza", na kompyuta inaongeza, lakini mingi inaruhusu mpaka asilimia 25 hivi halafu inakata tamaa inawasha taa na `P0171`. Kwa hiyo 10 inapita bila shida, 20 inapita mara nyingi kwa motokari ya enjeksion ya siku hizi, 50 iko ku mpaka, 85 haipiti. Na hata pale inapita, inapita ukitembea polepole, ukikanyaga mpaka chini kompyuta inaacha kusikiliza ile kaptere inatumia meza yake ya kiwanda, moteri inaenda na esanse kidogo, joto linapanda, valvu zinaungua. Moto yenye karbirateri haina hata huyo wa kuambia, jikleri ni tundu moja halibadiliki, asilimia 20 inaifanya iende kavu kabisa, unaiona ku buji imekuwa nyeupe.

Flex iko na enjektere kubwa zaidi na pompo ya kutosha, na kompyuta yake iko na meza mbili ndani, ya esanse na ya alkoli, inatembea katikati. Swali ni inajua vipi kiasi cha alkoli. Zingine ziko na kaptere ku tuyo yenye inapima vile kile kinachopita mu tuyo kinashika umeme: esanse iko na namba 2, alkoli karibu 24, ni tofauti kubwa, rahisi kuipima. Lakini maji iko na 80, unaona sasa lutuku ingeifanyia nini hiyo kaptere. Motokari kama yako ya 2009, GM waliiondoa kaptere ile wakaacha kompyuta ikisie: inaona sindano ya tanki imepanda, inajua umejaza, halafu inaangalia kaptere ya oksijeni kwa kilometre kadhaa, kama inaombwa kuongeza mingi inasema basi alkoli imeingia. Kwa sababu hiyo kitabu cha GM kinasema usijaze chini ya litre 11 kwa mara moja, na ukishajaza tembea hapo hapo angalau kilometre 11 bila kuzima. Hii njo ingine kwa nini mtindo wetu wa kununua bidoni ya litre tano tano haufai ukianza kubadilisha esanse na alkoli: kompyuta haijui kama umejaza, haianzi kujifunza. Na maji yakiingia, inaona hewa imezidi, inadhani ni alkoli, inaongeza dozi, kisha ukirudisha esanse safi inamwaga esanse kama ya mafuriko, moshi mweusi na buji zinalowa. Tulipomaliza ile pikapu ilibidi tuirudishe ku sifuri na skana ndipo ikatulia.

Kama uko na kaskana kadogo ka ELM327, kale ka dola kumi, unaweza kuuliza kompyuta inaamini ni asilimia ngapi, kama motokari yako inajibu hiyo swali:

```
01 52
41 52 1A
1A = 26 ; 26 × 100 / 255 = 10.2 %
```

Mstari wa kwanza ni swali, wa pili ni jibu, wa tatu ni hesabu. Kama unakunywa esanse safi ya pompo na inakuambia 40 au 60, kuna kitu kingine kinamdanganya, mara mingi ni hewa inaingia ku jointi ya admisio au pompo imechoka, na hiyo ni ya kutengeneza kabla hata ya kuwaza alkoli.

Tena kuna kitu cha vyuma na kaputshu. Alkoli inapitisha umeme kidogo na inavuta maji ya hewani, esanse hapana. Inakula alminiumu isiyo na ngozi ya kuilinda, inakula zinki ya karbirateri za zamani, inavimbisha kaputshu ya kawaida na kukausha jointi za koki. Flex kutoka kiwanda iko na kaputshu ya aina ya Viton, reli na tanki za kuvumilia, na viti vya valvu vigumu zaidi, juu alkoli haiachi ule utelezi kidogo wenye esanse inaacha. Sasa Tahoe yako iko na miaka mingi na imepita mikono mingi. Njo kitu ningeangalia kwanza: je, pompo ya ndani ya tanki bado ni ya flex, au mtu aliweka ya kawaida ya soko? Tuyo ya esanse imekatwa na kuungwa na kipande cha kaputshu ya maji? Enjektere nane zote ziko na namba moja? Kifuniko cha njano kinaweza kubaki wakati kila kitu cha ndani kimebadilishwa. Nimeshaona moja, kifuniko tu njo kilikuwa flex.

Na baridi. Alkoli safi haigeuki mvuke ya kutosha kushika moto kama iko chini ya degre 13 hivi, wakati esanse inatoa mvuke hata mu barafu. Asubuhi ya mwezi wa saba hapa Lubumbashi inashuka chini ya 10, unaijua ile baridi. Kwa mchanganyiko wa alkoli mingi unapiga starta, inazunguka, haishiki, alkoli baridi inalowesha silinda na kushuka mu oili. Brazil waliweka katanki kadogo ka esanse mbele ka kuwashia asubuhi, baadaye wakaweka enjektere za kupasha moto. Amerika ilipunguza alkoli mpaka 51. Ukiwa na asilimia 10 au 20 haitakusumbua, ukiwa na 85 mu mwezi wa saba utaita jirani asukume. Na moteri yenye inakunywa alkoli mingi kwa safari fupi fupi, toa fimbo ya oili uangalie kila wiki, ukiona imekuwa kama maziwa ya chai ibadilishe haraka.

Kwa hiyo nikupangie hivi. Endelea na esanse safi, motokari ya flex haihitaji alkoli iwe sawa, haiharibiki kwa kukosa. Fanya kile kipimo cha chupa ku esanse unayonunua sasa, juu kula sana kwa Tahoe kunaweza kuwa ni esanse mbaya au kaptere ya oksijeni imezeeka, hiyo itakuokoa franga mingi kuliko lutuku. Siku ukipata alkoli kavu ya kiwanda yenye karatasi ya asilimia 99 na bei chini ya thuluthi mbili ya esanse, anza na litre 15 mu tanki yenye litre 60 za esanse kavu, jaza kwa mara moja, tembea mpaka Kasumbalesa na kurudi, angalia skana inasema nini, halafu tuongee.

Na kama umeniandikia ukiwa umeshatia, juu wengi banauliza nyuma ya kufanya, basi usigeuze kontakti hata kusikiliza redio. Ukigeuza tu, pompo inafanya kazi sekunde mbili kujaza tuyo, na ile ya chini inapanda mpaka ku enjektere. Chomoa waya mmoja wa batri, acha motokari itulie pale pale usiku mzima bila kuisukuma, asubuhi mekanisien atoe kutoka chini ya tanki kwenye bidoni ya kuonekana ndani, aendelee kutoa mpaka uone mstari umepita na iliyo juu ni esanse tupu, kisha atoe litre tano zingine juu ya hapo. Ile esanse ya juu bado ni nzuri, usiimwage.